Mahudhurio ya Kijiji cha Juu

Katika nchi ile watu walikumbukwa mara moja kila baada ya masika matano. Wakati huo ukifika, sura za wanaume na wanawake zilibandikwa kwenye kuta, nguzo na milango ya vibanda, zikitabasamu mchana kutwa, na kila sura ilijua jina la mtoto wako na ugonjwa wa mama yako. Kisha sura moja ilichaguliwa, zilizobaki zikanyeshewa. Na iliyochaguliwa ilianza safari ya ajabu. Ilihama kutoka kwenye mwili wa mwenyewe, kidogo kidogo, ikahamia kwenye karatasi. Jicho moja mwaka wa kwanza. Mdomo mwaka wa pili. Hata ukikutana na mtu huyo njiani, ilibidi utazame ukutani kwanza ndipo umsalimie.

Mayengo Lugembe, diwani, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alikuwa bado na macho yake mawili. Alilijua hilo kwa sababu kila asubuhi alijitazama kwenye beseni la maji kabla ya kunawa, akajiona mzima, akajivunia. Asubuhi ile pia alijitazama. Macho yalikuwepo. Ila mdomo ulikuwa umefifia, kama wino uliomwagiwa chai.

"Ni mwanga tu," akajiambia, akavaa koti, akachukua jalada lake jekundu, akaenda kwenye mkutano wa mwaka wa Baraza la Madiwani.

Siku ile palikuwa na mambo mawili mezani na yote mawili yalikuwa yake. La kwanza, Baraza lingemchagua Makamu Mwenyekiti wa Halmashauri, cheo kinachopigiwa kura upya kila mwaka. Na madiwani wa chama chake walikuwa wamekwisha kaa faraghani na kulipitisha jina moja tu, la kwake. La pili lilikuwa ndani ya jalada. Kijiji cha Juu, kilicho kilimani, kilikuwa kimejenga boma la zahanati kwa nguvu za wananchi, kuanzia msingi mpaka lenta, kuta tupu zinazongoja paa. Mpango wa Halmashauri wa mwaka ulikuwa umelitaja kwa jina: robo hii lipauliwe. Jalada la Mayengo lilileta ombi la kubadilisha. Zahanati ihamie Kijiji cha Barabarani, pale kila mgeni apitapo ataiona, na boma la kilimani libaki lilivyo, wazi juu, litazamane na mawingu.

Hakulitunga peke yake. Wenzake walimwambia, tena kwa upendo, "Mheshimiwa, mtu anayetaka umakamu awe na jengo linaloonekana. Kule juu nani atakuona? Mbuzi?" Wakacheka. Naye akacheka. Na Barabarani kulikuwa na wapiga kura mara nne ya wale wa Juu. Hesabu hiyo haikuhitaji msomi.

Lakini ombi haliendi kwa miguu yake. Mradi wa kijiji huhamishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mtu mzima wa pale, na muhtasari wake huandikwa na mtendaji, ukatiwa saini na muhuri, hapo ndipo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha hupanda kwenye kamati za kudumu, kisha Baraza. Ngazi. Ukikosa kidato cha chini, vidato vya juu vinaning'inia hewani. Mayengo alizijua ngazi hizo kuliko alivyoijua njia ya kwao. Na cha chini kabisa hakikuwepo. Mkutano mkuu wa Kijiji cha Juu haukufanyika. Ungefanyika, wangekataa.

Muhtasari, hata hivyo, ulikuwepo. Kurasa tatu. *Mkutano ulifunguliwa saa nne kamili asubuhi. Wajumbe walijadili kwa kina. Wajumbe waliridhia kwa kauli moja.* Na nyuma yake, orodha ya waliohudhuria.

*

Saa ilikuwa nne alipofika kwenye jengo la Halmashauri. Alipanda ngazi za mbele, akatembea kwenye ukumbi mrefu wenye milango ya Ardhi, Ujenzi, Afya, Mipango. Akatembea tena, Ardhi, Ujenzi, Afya, Mipango. Viatu vyake vikaanza kuchakaa nyayo, ndevu zikaota na kupungua, na alipofika mwisho wa ukumbi ilikuwa bado saa nne. Mlangoni palikuwa na kitabu cha mahudhurio. Akatia saini. Na pale pale, akiwa bado ameshika kalamu, akamwona Shilinde anakuja mbio, tai imekwenda begani.

Shilinde alikuwa Mtendaji wa Kata, katibu wake katika kila kikao. Kijiji cha Juu hakikuwa na mtendaji wake tangu yule wa mwisho ahamishwe, kwa hiyo Shilinde alikaimu hapo pia. Ndiye aliyeandika zile kurasa tatu.

"Mheshimiwa, wamekuja."

"Nani wamekuja?"

"Waliohudhuria."

"Wamehudhuria nini? Si tulikubaliana hakuna mkutano?"

"Ndiyo maana naogopa."

Katika nchi ile palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa kwenye kanuni yoyote, na vijana wa ofisini waliiona ni hadithi ya kutishia wageni: jina likiandikwa katika muhtasari wa kikao, mwenye jina hana budi kufika. Kama hakufika kabla, atafika baada. Madiwani wengi walizeeka bila kuiona ikitimia, kwa kuwa wengi wa waongo wa nchi ile walikuwa waangalifu. Walibuni majina ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, na wasiozaliwa hawana miguu.

"Uliyatoa wapi majina, Shilinde?"

Shilinde akavuta tai ikarudi mahali pake. "Mheshimiwa, ulitaka jioni ile ile. Daftari la kijiji lilikuwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti angeuliza. Nilikuwa na daftari la msiba. Lile tulilokuwa tunaandika nani kaleta kuni, nani unga, nani maji. Majina yote ya kaya mle. Kwa mpangilio mzuri kabisa. Nikaanzia mwanzo nikayanakili."

"Msiba wa nani?"

Shilinde akaanza kuifungua tai ile ile.

"Msiba wa nani, we mtu?"

"Nilianzia kwenye jalada la daftari," akasema Shilinde. "Sikutazama. Nimeliandika jina lililokuwa juu kabisa. Ni namba moja."

*

Mikutano ya Baraza ni ya wazi. Yeyote anaweza kuingia na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, akasikiliza, mradi asiseme. Kwa kawaida mabenchi yale hukaliwa na vumbi na mwandishi mmoja wa habari anayesinzia. Siku ile yalijaa. Watu wa Juu walikaa bega kwa bega na nguo zao za shambani, wengine na majembe, mmoja ana unga mikononi kama aliyetolewa jikoni katikati ya kusonga. Hawakujua wamefikaje. Mwanamke mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimi nilikuwa napalilia, nikasikia naitwa, nikaitika tu." Na mwanzo wa benchi la kwanza, kwenye nafasi ya namba moja, alikaa Nyanzobe Kasubi, ambaye alikuwa amekufa miaka mitatu.

Mayengo alimjua kabla hajageuka. Alijua kisogo kile. Alikuwa jirani, shangazi kwa heshima, mwuza pombe ya mtama aliyekuwa na ulimi unaochuna ngozi. Alibeba mimba yake ya mwisho akiwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa, na uchungu ulipomshika vibaya, Mayengo, wakati huo mwenyekiti wa kitongoji, cheo kisicho na mshahara wala kiti, aliita wanaume watatu, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakamshusha mlima. Mayengo alishika mguu wa mbele, kulia. Kwenye kona ya tatu kitanda kilipungua uzito. Wote wanne walilihisi begani kwa wakati mmoja, na hakuna aliyesema, waliendelea kutembea mpaka chini, kwa kuwa hawakujua kusimama kunaanzaje.

Ni kwenye mazishi yake Mayengo aliposimama akasema: tutajenga zahanati yetu. Hakuwa na sura ukutani wakati huo. Alikuwa na mdomo.

"Shangazi," akasema sasa.

"Aa, Mheshimiwa!" Nyanzobe akageuka na kumtazama toka viatu mpaka kola. "Koti hilo! Nani kakushonea, fundi au Halmashauri? Karibu, au hapa ni mimi nikukaribishe? Maana naambiwa nimehudhuria."

"Shangazi, hili jambo ni..."

"Nimehudhuria na nimeridhia. Kwa kauli moja. Wenzangu hapa wamenisomea." Akawaonyesha wale wa benchi kwa kidole. "Yaani mimi, Mayengo, mimi ndiye nimesema ile zahanati ishuke barabarani. Huko nilikolala nikakaa nikafikiri, nikaona, ee, jamani, mlima ule si kitu, mbona mimi nilishuka vizuri tu!"

Watu wa benchi wakacheka, kicheko kile cha msibani ambacho kina kuni na moshi ndani. Mayengo hakucheka. Akataka kusema na akaona mdomo wake hautii.

"Mnatuibia mpaka kimya chetu," akasema Nyanzobe, safari hii polepole. "Mtu akifa anabaki na kitu kimoja tu, kwamba hawezi tena kusemewa ndiyo. Wewe umenisemea ndiyo."

Kisha watu wa Juu, ambao hawakuruhusiwa kusema, wakaimba kwa sauti ya chini, kama walivyoimba walipokuwa wakipandisha mawe:

*Twalibeba mawe yetu, vichwani tukayapanga,*
*Jasho likawa ni letu, ukuta tukaujenga,*
*Leo majina ni yetu, wengine wameyachonga,*
*Hatukuja kwenu katu, kusema mnayolonga.*

Kengele ikalia. Siwa, fimbo ya heshima ya Baraza, ikaingia. Wote wakasimama.

*

Cheo kinakaa wapi? Mayengo alijiuliza hayo akiwa ameketi kwenye kiti chake cha ngozi, huku Mwenyekiti wa Halmashauri, mzee mnene mwenye sura iliyokwisha hamia ukutani yote, akisoma dua kupitia tundu lililobaki. Kama cheo kinakaa kwenye kiti, basi kiti kingetosha, tungekipigia kura kiti. Kama kinakaa kwa mtu, mbona mtu akitoka anakiacha? Mimi nilipokuwa mwenyekiti wa kitongoji nilikuwa na muhuri kwenye mfuko wa suruali na njia miguuni. Watu waliniamsha kwa ugomvi wa mipaka. Waliniamsha kwa fisi. Sikuomba kura ya mtu yeyote, walininyooshea vidole tu, wewe, simama. Nikasimama. Na niliposimama sikujiona, niliwaona wao. Sasa nakaa na ninajiona muda wote. Nimekuwa mrefu kwa kukaa. Ajabu gani hii.

Au cheo hakikai. Labda kinapita tu, kama maji kwenye mfereji, na mfereji ukianza kuyapenda maji na kuyazuia, shamba la chini linakauka na mfereji wenyewe unaota matope. Labda.

Lakini umakamu ulikuwa mtamu. Asidanganywe mtu. Aliuona kabisa, akauonja. Makamu leo, mwenyekiti baada ya masika, kisha Bunge, kisha mahali ambapo hakuna anayekuuliza ulitoka kitongoji gani. Na hakuwa mtu mdogo. Alijiamini kwamba angefanya makubwa akifika. Ndiyo hila yenyewe ya njia ile: kila hatua inakuahidi kwamba utaanza kutumikia kwenye hatua inayofuata.

Agenda zikathibitishwa. Muhtasari wa kikao kilichopita ukasomwa ukathibitishwa. Yatokanayo. Maswali. Taarifa za kamati. Saa ilikuwa bado nne. Kisha Mwenyekiti akafunua ukurasa.

"Ombi la kubadilisha eneo la mradi wa zahanati. Vielelezo vyote vimeambatishwa, Kamati ya Fedha na Mipango imepitia, haina shaka. Mheshimiwa Lugembe, wasilisha hoja yako kwa kifupi, tuamue, tuendelee na uchaguzi, ambao nadhani," akatabasamu kutoka ukutani, "nao hautachukua muda."

Meza zikapigwapigwa kwa furaha. Mayengo akasimama. Mbele yake jalada. Nyuma yake benchi zima limekaa kimya, na ukimya ule ulikuwa na uzito, na uzito ule aliujua. Ulikuwa umekaa kwenye bega lake la kulia.

Alielewa yote kwa pamoja. Akisoma, boma la Juu litabaki ukuta mtupu na mwanamke mwingine atashushwa kona ya tatu. Akiondoa hoja, mpango wa mwaka utabaki ulivyo, bati litapanda mlima robo hii. Wala hakuhitaji ushindi wala mjadala. Alihitaji kusema maneno machache tu na kuchoma kila kitu chake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, na mdomo ukamfunguka mzito kama jiwe linalong'olewa, "naomba ridhaa ya Baraza kuiondoa hoja yangu."

"Kuiondoa? Kwa sababu gani?"

"Muhtasari wa kijiji ulioambatishwa ni wa mkutano ambao haukufanyika."

Minong'ono. Diwani wa jirani akamvuta koti. "Mayengo, kaa! Sema kuna marekebisho madogo, kaa!"

"Unamtuhumu mtendaji wako?" akauliza Mwenyekiti.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Shilinde, kwenye viti vya wataalamu, alikuwa ameinamisha kichwa akingoja panga. Ilikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye aliyetia muhuri.

"Mtendaji aliandika nilichomwagiza," akasema Mayengo. "Najituhumu mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kata, nikajua mkutano haukuwepo, nikatia saini. Na mtu wa kwanza kwenye orodha ya mahudhurio ni marehemu. Tulimzika. Mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao hiki neno kwa neno."

"Unajua maana yake kuingia kwenye kumbukumbu?"

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Saa ya ukutani ikagonga, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ikawa saa tano.

Baraza likaridhia hoja iondolewe. Halikuwa na la kufanya, hakuna anayepaua nyumba kwa muhtasari wa maiti huku maiti anatazama. Mwanasheria wa Halmashauri akaandika kitu. Suala la mwenendo wa diwani likapelekwa kamati ya maadili. Madiwani wa chama chake wakaomba kikao kiahirishwe kwa robo saa, wakatoka, wakarudi na jina jingine. Mayengo akapewa karatasi ya kura kama wengine, akaandika ndiyo kwa aliyewekwa badala yake, kwa kuwa mtu yule alikuwa mchapakazi na haikuwa kosa lake, akaikunja, akaitumbukiza. Matangazo yakasomwa. Watu wakapongezana. Hakuna aliyempa mkono.

Naye akashangaa kujikuta ana kiburi. Si kile cha asubuhi, cha kujitazama kwenye beseni. Hiki kilikuwa kigeni na kilichonyooka, kama mti wa nyumba uliopimwa kwa timazi. Alikuwa amepoteza kila alichokuja kukitafuta, na hakuwahi kuwa mrefu namna ile maishani mwake.

*

Nje, watu wa Juu walikuwa wanatawanyika, kila mmoja akirudi kwenye palizi na ugali wake. Nyanzobe alikuwa amebaki kwenye ngazi, akijifunga kanga vizuri.

"Haya, mimi nimeruhusiwa," akasema. "Jina langu limefutwa."

"Shangazi, nisamehe."

"Mimi nikusamehe kama nani? Mimi ni marehemu, sina akidi." Akacheka, kisha akawatazama walio hai wanaoteremka. "Waombe hao. Hao ndio wana mkutano."

Hakumwona alivyoondoka. Palibaki ngazi tu na jua la saa tano.

Mayengo alirudi ofisi ya kata kwa miguu. Shilinde alikuwa amemtangulia, ameketi mezani bila kufanya chochote. Mayengo akakaa upande wa pili.

"Tutafukuzwa wote wawili," akasema Shilinde.

"Huenda. Wewe, mkutano mkuu wa dharura unahitaji notisi ya siku ngapi?"

"Mheshimiwa, mkutano upi tena?"

"Lete karatasi."

Shilinde akaleta, akataka kuandika, Mayengo akaichukua kalamu mwenyewe. Aliandika polepole kwa herufi kubwa ambazo mtu anayesoma kwa shida angeziona. *Tangazo. Mkutano Mkuu wa Kijiji cha Juu. Mahali: ndani ya boma la zahanati. Agenda ya kwanza: Diwani kuwaeleza wananchi kwamba aliwasemea uongo, na jinsi alivyofanya. Agenda ya pili: Wananchi kumhoji. Agenda ya tatu: Wananchi kuamua kama wanamtaka aendelee kusimamia upauaji, au wamteue mwingine katika kamati ya ujenzi.*

"Hii ya tatu haimo kwenye kanuni," akasema Shilinde.

"Ninajua."

"Watakutukana, Mheshimiwa. Wale watu wana midomo."

"Watanitukana."

"Na muda wa kufunga? Niweke saa ngapi? Lazima kwenye tangazo tuseme kikao kitafungwa saa ngapi."

Mayengo akafikiri. Nje mlima ulisimama na kuta za boma wazi juu yake, na kutoka pale alipo aliweza kuona njia nzima, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu wadogo sana wanaopanda wakirudi kwao.

"Andika," akasema akisimama, akimrudishia kalamu, akiliweka koti kwenye kiti na kukunja mikono ya shati, kwa kuwa tangazo hubandikwa na aliyeitisha na mlima ulikuwa mrefu, "andika: watakapomaliza wao."